"Tutawasiliana": Neno Lililoniletea Meseji Kumi na Moja

Barua pepe ya kwanza iliingia Jumanne saa mbili na dakika saba asubuhi, chai yangu ikiwa bado inatoa mvuke. Nafanya kazi ya ununuzi katika kampuni ndogo ya kusambaza vifaa vya ujenzi huku Industrial Area, Nairobi, na dirisha langu linatazama lango ambalo malori yetu kumi na moja hutokea alfajiri. Aliyeniandikia alikuwa kijana wa mauzo wa kampuni inayofunga traka kwenye magari. Sikuwahi kumtafuta, wala simjui aliyempa anwani yangu. Alijua tuna malori, alijua jina langu, na aliomba "dakika kumi na tano tu za muda wako, Madam".

Traka tulikuwa tumeshazijadili mwaka uliotangulia, na mkurugenzi akasema hapana. Jibu nilikuwa nalo basi. Nikaandika hivi, na nainakili kama ilivyo kwa sababu bado iko kwenye barua nilizotuma:

"Habari Bwana. Asante sana kwa kutufikiria. Samahani, kwa sasa hatujaamua kufunga traka kwenye magari yetu, lakini tutawasiliana tukihitaji. Karibu sana."

Niliituma nikajiona nimemkatalia kwa adabu kama nilivyolelewa. Siku ya tatu akaandika tena: amefurahi kusikia kwamba bado tunalitafakari jambo hili, je, Alhamisi ingefaa? Sikujibu. Wiki iliyofuata ikaja ya tatu, ikiwa na kotesheni ambayo hakuna aliyeiomba. Kisha akaniibukia kwenye WhatsApp na picha ya lori lenye nukta nyekundu kwenye ramani. Kisha simu, saa sita na nusu, nikiwa na kijiko mkononi. Mwezi wa pili akamwandikia mkurugenzi moja kwa moja, akimwambia kwamba ameshaanza mazungumzo mazuri na Madam wa ununuzi. Mkurugenzi akanisukumia barua hiyo na maneno mawili juu yake: "Mazungumzo gani?"

Kufikia mwezi wa nne nilikuwa nimehesabu meseji kumi na moja, bila simu. Nilimwona kijana yule kuwa msumbufu asiyejua maana ya hapana. Ilibidi nikae juu ya mtungi wa maji ndipo nielewe kwamba hapana yenyewe sikuwahi kumpa.

Mtungi huo ulikuwa South B, ninakoishi. Jumamosi moja mifereji ilikuwa imekauka kama kawaida ya wikendi, na wapangaji tulikuwa chini uani tukisubiri bauza. Kando yangu alikaa Baba Neema wa ghorofa ya tatu, ambaye kazi yake ni kuuza na kukodisha mashine za fotokopi kwa maofisi. Simu yangu ikalia, nikaona ni yule kijana, nikasonya. Baba Neema akauliza kulikoni, nami nikamwonyesha barua yangu. Aliisoma mara moja, akacheka mpaka akashika magoti.

"Mama Tumaini, huyu hujamkataa. Umemwambia asubiri."

Akafungua simu yake akanionyesha mfumo wanaotumia kazini. Kila kampuni aliyoiandikia ni kadi, na kadi zimepangwa kwenye safu zenye vichwa vya Kiingereza. Ya kushoto ilikuwa `Contacted`, ya katikati `Nurturing`, na ya mwisho kulia `Closed Lost`. Hiyo ya katikati ni ya watu wa kumwagiliwa kidogo kidogo kama miche kwenye kitalu: hawajanunua, hawajakataa, na kila kadi ina tarehe ambayo mfumo utamkumbusha awarudie. Hiyo ya mwisho ni kaburi. Kadi ikiingia huko haina tarehe tena.

"Barua yako," akasema, akiweka kidole katikati, "inakaa hapa. Na ningeandika hivi kwenye maelezo: *bado hawajaamua, mama mkarimu, rudi baada ya wiki.*"

Nilimuuliza kwa nini asione wazi kwamba sitaki. Akanieleza jambo ambalo sikuwa nimelifikiria kamwe. Mwisho wa mwezi bosi wake huketi naye na kupitia kadi moja baada ya nyingine. Kadi iliyo wazi lazima iwe na hatua inayofuata. Kadi iliyofungwa lazima iwe na sababu, na sababu hiyo lazima itoke kwenye maneno ya mteja mwenyewe. Muuzaji hawezi kufunga kadi kwa kusema "nilihisi hataki". Ataulizwa: alisema hivyo wapi? Na kwenye barua yangu hakuna mahali niliposema hivyo. Kwa hiyo yule kijana, hata kama moyoni alijua sitanunua, alikuwa na kila sababu ya kuniandikia na hakuwa na hata moja ya kuacha.

"Sisi hatuogopi hapana," Baba Neema akasema. "Hapana inakufanya uende nyumbani. Tunachoogopa ni *tutaona*. Kwenye *tutaona* unaweza kuzeeka."

Na kunyamaza je? Nilidhani barua nisizozijibu zilikuwa jibu tosha. Kumbe barua nyingi za aina ile haziandikwi upya kila mara. Zimepangwa mapema kama foleni: ya kwanza leo, ya pili baada ya siku tatu, ya tatu wiki inayofuata, na kuendelea, na mfumo huzituma wenyewe mpaka mojawapo ya mambo mawili yatokee. Ama foleni iishe, ama mpokeaji ajibu. Mifumo mingi ya mauzo ikiona jibu husimamisha foleni papo hapo, ili muuzaji aendelee kwa mkono. Maana yake ni kwamba ukimya hausimamishi chochote. Jibu ndilo linalosimamisha foleni, ila likishasimamisha, linasomwa na mtu, na mtu huyo anatafuta mahali pa kukuweka. Jibu langu la kwanza lilizima foleni, kisha kwa maneno yake lenyewe likaniingiza kwenye foleni nyingine.

Bauza ilifika, tukajaza, tukapanda ngazi. Lakini usiku ule niliikalia barua yangu kama fundi anayefungua redio, nione ni waya gani ulioniunguza.

Waya wa kwanza ulikuwa ndani ya kitenzi. "Hatujaamua." Kiswahili kina neema hii ya *-ja-*, ambayo inakataa jambo huku ikiacha mlango wazi nyuma yake. Ukisema "hajafika", kila anayekusikiliza anajua yuko njiani. Ukisema "hatujala", mwenyeji anainuka kwenda jikoni. "Hatujaamua" si kukataa hata kidogo. Ni kutangaza kwamba uamuzi unakuja. Yule kijana alipoandika kwamba amefurahi kusikia bado tunalitafakari, nilimwona mwongo. Hakuwa mwongo. Alijua sarufi kuliko mimi.

"Kwa sasa" ni ndugu yake. Nilidhani inalainisha, na kweli inalainisha, kwa kuweka muda kwenye hapana. Kisicho cha sasa ni cha baadaye, na baadaye ndicho kitu ambacho kalenda ya muuzaji imetengenezewa.

"Lakini" ilinishangaza zaidi, kwa sababu ni neno dogo. Likija baada ya kukataa, masikio ya msomaji yanasimama: aha, kuna kitu kinakuja. Na kilichokuja kilikuwa "tutawasiliana", ambalo sasa nalichukulia kama neno hatari kuliko yote katika barua za ofisini. Angalia kile kiambishi *-ana* mwishoni. Kupigana ni wewe kunipiga na mimi kukupiga. Kuwasiliana ni mimi kukutafuta na wewe kunitafuta. Nilimaanisha kwamba mimi nitamtafuta nikimhitaji, lakini kitenzi nilichotumia kilimpa na yeye haki hiyo hiyo. Aliitumia mara kumi na moja.

Halafu "samahani". Mkenya akiombwa samahani huwa anamfariji aliyeomba. "Usijali Madam, tunaweza kupanga siku nyingine." Ukiomba radhi unakuwa umekubali kwamba kuna deni, na yeye kwa uungwana wake anakuongezea muda wa kulilipa.

Na "karibu sana" sijui niisemee nini. Iliandikwa na vidole, si akili. Nafikiri ningeweza kumwandikia mwizi wa simu nikamalizia na "karibu sana".

Nilichoandika badala yake kina sentensi mbili. Nilizijaribu kwa Baba Neema Jumapili jioni, nikamwomba anionyeshe tu ni safu ipi angeniweka, asiniambie kama ni nzuri. Rasimu ya kwanza ilirudi katikati. Ya pili pia. Ya tatu ilikuwa hii, na kidole chake kikaenda kulia bila kusita:

"Bwana, asante kwa maelezo ya mfumo wako wa kufuatilia magari, tumeyasoma na hatutaununua. Tafadhali tutoe kwenye orodha ya watu unaowafuatilia, na siku tukiuhitaji tutakutafuta sisi wenyewe kwa anwani hii."

Sentensi ya kwanza ina kazi moja tu, kutoa neno ambalo muuzaji anaweza kulinakili kwenye kadi kama sababu. "Asante" inakaa mbele, na inashukuru kwa kitu chenye jina, si "kwa kutufikiria". Kwa kuutaja mfumo wenyewe anajua mtu amesoma, kwa hiyo hana haja ya kutuma tena akidhani barua ilipotea. Lile "tumeyasoma" liwe kweli. Kama hukusoma, soma. Ni dakika mbili. Na kati ya shukrani na kukataa nimeweka "na", wala si "lakini". Sentensi inatembea mwendo mmoja mpaka mwisho, haipindi kona inayomfanya msomaji atazamie kitu.

Kwenye kitenzi ndipo rasimu mbili zilipokwama. Kwanza nilikuwa nimeandika "hatuhitaji". Baba Neema akasema hilo ni neno tamu kwake, kwa sababu haja inaweza kubishaniwa. Atakuuliza mwezi jana mafuta yalikugharimu kiasi gani, na dereva wako alikuwa wapi saa nane mchana, na mwisho wa maongezi utakuwa na haja uliyokuwa huna. "Hatutanunua" haibishaniwi. Inasema tutakachofanya, na mwenye kujua tutakachofanya ni sisi. Rasimu ya pili ilikuwa na "hatutaweza kununua", nayo ikaanguka kwa sababu kama hiyo: asiyeweza husaidiwa. Atakuletea malipo ya polepole.

Utaona pia kwamba hakuna sababu. Hapa ndipo wengi wetu tunateleza, maana kukataa bila kueleza kunahisi kama kumfungia mtu mlango usoni. Nilitaka sana kuandika "bajeti yetu ya mwaka huu imeisha". Lakini kila sababu ina jibu lake ambalo muuzaji alifundishwa wiki yake ya kwanza kazini. Bajeti ikiisha, anauliza mwaka wenu wa fedha unaanza lini, na tarehe hiyo inaingia kwenye kadi. Bei ikiwa juu, anashusha. Ukimwambia mna mwingine anayewahudumia, anauliza mkataba unaisha mwezi gani. Ukisema mna kazi nyingi, anauliza ni wiki ipi itakuwa na nafuu. Hafanyi ujeuri, umempa swali na yeye analijibu. Sababu ni adabu kwa jirani aliyekualika harusini. Kwa mtu uliyekuwa humjui mpaka jana, asante na jibu lililo wazi vinatosha.

Tena ni "sisi", si "mimi". Ukiandika kwa "mimi", muuzaji anasoma kwamba mtu mmoja hataki, anapanda ngazi kwenda kwa mkurugenzi. Siku hizi naandika "tumeyasoma" baada ya kumwambia mkurugenzi, hata kwa sentensi moja mlangoni: kuna watu wa traka, nawaambia hapana, sawa? Akisema sawa, basi "sisi" ni kweli, na barua ikimfikia kwa njia ya uani anajua cha kufanya nayo.

Sentensi ya pili inashughulikia kesho. Bila hiyo, hapana ya kwanza ni ya leo tu. Ombi lenyewe ni jepesi na linatekelezeka: nitoe kwenye orodha. Si "usinisumbue", ambalo linamwita msumbufu na kumfanya ajitetee, na kujitetea ni barua nyingine. Kisha inakuja ile "tutakutafuta sisi wenyewe", ambayo ndiyo kitulizo cha barua nzima. Muuzaji anaogopa jambo moja, kwamba akikutoa leo, kesho utanunua kwa mshindani. Ukimwahidi kwamba siku ikifika utamtafuta, na kwamba anwani yake unayo, umemwondolea hofu hiyo bila kumpa kazi. Kitenzi ni cha upande mmoja: mimi ndiye natafuta, yeye ndiye anatafutwa. Yeyote atakayekusomea "tutawasiliana" kwenye sentensi hiyo atakuwa ameiongeza mwenyewe.

Basi, nukta. Hakuna swali popote, maana swali linadai jibu. Hakuna "nakutakia kila la heri", ambayo si kosa, ila sentensi ya tatu ina tabia ya kubeba kitu mgongoni.

Kulikuwa na kitu kimoja kilichobaki ambacho hata Baba Neema hakukiona mara ya kwanza, kwa sababu hakikuwa ndani ya barua. Kilikuwa chini yake. Ofisi yetu iliwekewa saini inayojibandika yenyewe kwenye kila barua: jina, cheo, nambari ya mkononi, nambari ya mezani, na mstari wa rangi ya chungwa usemao "Wasiliana nasi wakati wowote, tuko tayari kukuhudumia." Miezi minne nilijiuliza yule kijana alitoa wapi nambari yangu ya WhatsApp. Nilimpa mwenyewe, siku ile ile niliyodhani namkataa. Sasa nina saini mbili kwenye kompyuta. Ile ndefu ni ya wateja wetu. Fupi ina jina na jina la kampuni, basi.

Ile barua ya sentensi mbili niliituma Jumatatu. Jibu lilikuja baada ya dakika sita: "Sawa Madam, asante kwa kuniambia wazi. Nimekutoa." Nilitarajia kinyongo nikakuta shukrani. Baada ya maelezo ya Baba Neema sikushangaa sana. Kadi yangu ilikuwa imemchosha na yeye.

Nimezitumia sentensi hizo mara nyingi tangu hapo, kwa wauza wino, wa bima ya matibabu, wa kamera za ulinzi, wa maji ya chupa. Zinashindwa pia, na ni vizuri kujua wapi.

Hazifanyi kazi kwa barua ambayo nyuma yake hakuna mtu. Kama imetumwa kwa maelfu kwa mkupuo, haina jina lako wala kitu chochote kinachokuhusu, jibu lako huenda lisisomwe na yeyote. Huko tumia kitufe cha kujiondoa ambacho programu yako ya barua hukiweka juu kabisa, kando ya jina la mtumaji. Tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo wamewataka watumaji wakubwa wa matangazo waruhusu kujiondoa kwa kubofya mara moja, kwa hiyo kitufe hicho utakiona mara nyingi. Kiungo kilicho ndani ya barua yenyewe sikibofyi kama simjui mtumaji. Na barua inayoanza na `Re:` ilhali hatujawahi kuandikiana naichukulia kama mtu anayeingia nyumbani akijifanya binamu. Hiyo inaenda kwenye taka bila asante.

Hazifanyi kazi langoni. Mtu akija na kalenda mbili na kalamu mkononi, huwezi kumsomea sentensi. Mlinzi wetu, ambaye ni mzee wa Kitui mwenye subira ya ajabu, huchukua kadi yake na kumwambia Madam hujibu kwa barua pepe. Jibu linatoka siku hiyo hiyo, lile lile.

Wala usizitumie kama unachotaka ni muda. Nina fundi wa kreni ambaye nilijua nitamhitaji baada ya ukaguzi wa stoo. Kumwambia "hatutanunua" kungekuwa uongo, na kumwambia "kwa sasa" kungekuwa kumwita kila wiki. Nilimwandikia: "Tutaomba kotesheni Machi, tafadhali usitume chochote kabla ya hapo." Akangoja hadi Machi. Tarehe iliyo wazi inaheshimiwa karibu sawa na hapana iliyo wazi, kwa sababu nayo inaingia kwenye kadi.

Kuna wachache wanaorudi hata baada ya kuombwa waache. Wa kwanza alinikasirisha nikamwandikia aya tatu, zenye hasira iliyovaa tai. Kosa kubwa. Maneno mapya ni mazungumzo mapya, na yeye alichosikia ni kwamba bado naongea. Siku hizi siandiki kipya. Naifungua barua yangu ya kwanza, naisukuma kwake tena ilivyo, na juu yake mstari mmoja: "Jibu letu ni lile la tarehe 4." Akirudi mara ya tatu naizuia anwani yake. Anwani yake tu, si kampuni nzima. Mwenzangu mmoja wa uhasibu aliwahi kuzuia kila kitu kutoka kwa kampuni fulani, na baadaye tuliponunua kwao vifaa vingine, ankara zao zikawa zinaingia gizani wiki tatu.

Sheria ipo pia, na ni vizuri kuijua hata kama huivuti. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 inalinda jina lako na nambari yako ya simu, inakupa haki ya kupinga zitumiwe, na anayeendelea kuzitumia kukuuzia vitu anaweza kushtakiwa kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Lakini sijawahi kuitaja kwenye jibu la kwanza. Kumtajia sheria kijana anayefukuzia lengo la mwezi, ambaye hujamwambia hata mara moja kwa maneno wazi kwamba hutaki, ni kama kumpigia polisi mgeni ambaye hujamwambia umechoka.

Mwezi uliopita lori letu moja lilipotea kwa saa tano njiani kutoka Athi River. Dereva alikuwa na maelezo, na maelezo yake yalikuwa marefu. Mkurugenzi akasimama mlangoni pangu akauliza wale watu wa traka waliishia wapi.

Nilikuwa nimeahidi kwa maandishi kwamba tutamtafuta sisi wenyewe kwa anwani ile ile, basi nikaitafuta. Nikamwomba kotesheni ya magari kumi na moja. Alijibu kabla ya chakula cha mchana, na chini ya barua yake zilikuwepo zile sentensi zangu mbili. Kumbe alikuwa bado anazo. Bei alitaja ya kufunga, na ya kila mwezi kwa kila gari, na akauliza kwa uangalifu mkubwa kama anaruhusiwa kupiga simu.

Kotesheni nyingine mbili hazikuwa zimefika. Nikaweka vidole kwenye kibodi, nikaandika "hatujaamua", nikalitazama neno hilo kidogo. Mara hii lilikuwa kweli. Nikabandika saini ndefu, yenye nambari ya simu, nikatuma.

Alhamisi akapiga, saa sita na nusu. Nikaweka kijiko chini nikapokea.